Siku Ambayo Mkataba Hauitaji

Mkataba wa leseni ya programu ya kompyuta husema wazi leseni inaanza lini na inaisha lini. Lakini tarehe inayogharimu ofisi fedha nyingi kuliko zote haijaandikwa humo. Hiyo ni siku ya mwisho ya kumwarifu muuzaji kwamba hutaki kuendelea naye, au kwamba utaendelea na watumiaji wachache zaidi. Mkataba hutoa njia tu ya kuipata siku yenyewe: siku 90 kabla ya muda kuisha, siku 30 kabla, miezi mitatu kabla. Kuihesabu ni kazi ya mnunuzi. Asipoihesabu, siku hiyo hupita kama siku nyingine yoyote, leseni hujihuisha kwa mwaka mzima, na ankara hufuata.

Katika kazi ya manunuzi nimelisikia sana neno hili: "Leseni inaisha Machi, tutaiangalia Februari." Huyo anayesema hivyo ni mtu makini, anafuatilia mambo yake, na kweli Februari ataiangalia. Kosa lake ni moja tu, kwamba ameiweka kwenye kalenda tarehe ya mwisho wa leseni badala ya tarehe ya mwisho wa uamuzi. Kati ya tarehe hizo mbili kunaweza kuwa na miezi mitatu.

Ofisi inapolipia programu ya uhasibu au ya kusimamia wateja, kwa kawaida hainunui programu yenyewe. Inanunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina mipaka. Ndiyo maana anayetaka kutengeneza kalenda ya kuhuisha leseni huingia kwenye kila mkataba akitafuta mambo manne: watu wangapi wanaruhusiwa, kwa muda gani, nini hutokea muda ukiisha, na muuzaji ana haki gani ya kuja kukagua. Mengine yaliyomo, kama dhima, usiri na mahakama itakayoamua mgogoro, ni ya mwanasheria, wala hayahitaji kuingia kwenye kalenda.

Kujihuisha kwa leseni si hila ya wauzaji wadogo wasiojulikana. Salesforce, kampuni ya Marekani inayouza programu ya kusimamia wateja, imekuwa na kifungu hicho katika mkataba wake wa kawaida: usajili huendelea wenyewe kwa mwaka mmoja zaidi, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya maandishi angalau siku 30 kabla ya muda kuisha. Mkataba huohuo husema idadi ya watumiaji uliyonunua haipunguzwi katikati ya muda. Visome vifungu hivyo viwili kwa pamoja ndipo utaelewa uzito wa jambo. Mlango wa kupunguza watumiaji hufunguliwa mara moja katika kila kipindi cha leseni, na hufungwa kabla kipindi chenyewe hakijaisha.

Tuchukue mfano wa kampuni ya uondoshaji mizigo bandarini Mombasa, mfano wa kutunga lakini wenye vifungu vinavyopatikana kila siku. Kampuni hii inatumia programu ya kufuatilia makasha na nyaraka za forodha. Ukiuliza mkataba uko wapi, utaletewa faili moja, yaani mkataba mkuu uliosainiwa 12 Machi 2023. Usianze kujaza chochote kwa karatasi hiyo pekee. Mkataba mkuu mara nyingi hautaji idadi ya watumiaji wala bei. Hayo yamo kwenye fomu ya oda, ambayo huenda iko kwa mhasibu kwa sababu ndiyo iliyoambatanishwa na malipo. Halafu kuna nyongeza ya mkataba, iliyosainiwa baadaye watu walipoongezeka, na hiyo pengine imebaki kwenye barua pepe ya meneja aliyekwisha kuhama. Kwa hiyo kabla ya kusoma, muulize mhasibu ankara zote zilizowahi kulipwa kwa muuzaji huyo. Ankara yenye kiasi ambacho huwezi kukieleza kwa karatasi ulizo nazo inakwambia kwamba kuna karatasi nyingine hujaiona.

Katika mfano wetu karatasi zimepatikana tatu. Mkataba mkuu unasema usajili utajihuisha kwa miezi 12 isipokuwa notisi itolewe siku 60 kabla. Fomu ya oda inasema watumiaji 120, dola 20 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, miezi 36 kuanzia 1 Aprili 2023. Nyongeza, inayoanza 1 Februari 2024, inaongeza watumiaji 35 kwa bei ileile na kusema muda wao utaisha pamoja na wa oda ya kwanza. Halafu mwishoni, chini ya kichwa cha "mengineyo", kuna sentensi moja inayobadilisha notisi kutoka siku 60 kuwa siku 90.

Sentensi hiyo ndiyo inayowapata wengi. Aliyesaini nyongeza alikuwa akiangalia watumiaji 35 na bei yao, akaridhika, akasaini. Aliyejaza kalenda mwaka 2023 aliandika siku 60 na hakuwahi kuirudia. Kila nyongeza inapoingia, mkataba mzima usomwe upya kwa yale mambo manne, hata kama nyongeza yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Karatasi mbili zikipingana, tafuta kifungu kinachosema ipi ina nguvu kuliko nyingine. Kwa kawaida kipo, ama kwenye mkataba mkuu au juu ya fomu ya oda, nacho mara nyingi humpa nguvu yule aliyekuja mwisho.

Sasa hesabu. Kosa la kwanza hapa ni kuanzia tarehe ya saini. Miezi 36 kutoka 12 Machi 2023 huishia 11 Machi 2026, lakini fomu ya oda imeanzisha muda 1 Aprili, kwa hiyo siku ya mwisho ya leseni ni 31 Machi 2026. Ukirudi nyuma siku 60 unapata 30 Januari 2026. Ukirudi siku 90, kama nyongeza inavyotaka, unapata 31 Desemba 2025, siku ambayo nusu ya ofisi iko likizo na mwenye kusaini barua pengine yuko safarini. Kwenye lahajedwali hesabu hiyo haihitaji vidole. Mstari wa kwanza hapa unatoa mwisho wa leseni, wa pili siku ya mwisho ya notisi:

```
=EDATE(DATE(2023,4,1),36)-1
=EDATE(DATE(2023,4,1),36)-1-90
```

Angalia mambo mawili hapa. Siku 90 si miezi mitatu. Kwa leseni inayoisha 31 Machi 2026 zote mbili zinaangukia 31 Desemba, lakini kwa leseni inayoisha 30 Juni, siku 90 nyuma ni 1 Aprili na miezi mitatu nyuma ni 30 Machi. Andika kwenye kalenda kile mkataba ulichosema, siku au miezi, kisha uiache fomula ifanye kazi. Jambo la pili ni mwandiko wa tarehe. Muuzaji wa Marekani akiandika 04/03/2026 anamaanisha tarehe 3 Aprili, ilhali karani wetu ataisoma 4 Machi. Tarehe za kalenda ziandikwe kwa jina la mwezi, na yenye utata ithibitishwe kwa kuulinganisha mwanzo wa leseni na urefu wake: kama mkataba ni wa miezi 12 na ulianza 4 Aprili, jibu liko wazi.

Hata hivyo 31 Desemba bado si tarehe ya kazi. Kuna kifungu kingine, cha namna notisi zinavyopelekwa, na watu hukiruka kwa sababu kinaonekana cha anwani tu. Kinaweza kusema kwamba barua pepe haitoshi, kwamba notisi iende kwa msafirishaji wa vifurushi hadi makao makuu ya muuzaji, na kwamba itahesabiwa imepokelewa siku ya tano ya kazi baada ya kutumwa. Kama makao hayo yako Dublin au California, barua iliyoondoka Mombasa 29 Desemba imechelewa ingawa imetumwa kabla ya siku ya mwisho. Kwenye mfano wetu ningeweka siku ya kutuma barua kuwa 1 Desemba 2025, na ningetaka uthibitisho wa kupokelewa uhifadhiwe kwenye faili moja na mkataba.

Kutoka hapo unarudi nyuma tena, kwa sababu barua haiandikiki kabla ya uamuzi, na uamuzi haufanyiki bila kujua nani anaitumia programu. Kuhesabu watumiaji kunaanza mapema Septemba. Bei ya muuzaji mwingine, kama kuna nia ya kuhama, iwe mezani Oktoba. Uamuzi ufanyike katikati ya Novemba. Kwa hiyo leseni inayoisha Machi inaamka kwenye kalenda mwezi Septemba wa mwaka uliotangulia, na yule msemo wa "tutaiangalia Februari" unaonekana ulivyo mbali na mahitaji.

Namna ya kuyatoa mambo haya kwenye mkataba wa kurasa 40 inahitaji utaratibu. Mikataba hii kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza, na nakala ya kompyuta hutafutika kwa maneno machache:

```
renew
term
notice
user
audit
verify
```

Lakini tahadhari: mkataba uliosainiwa kwa kalamu kisha ukaskaniwa ni picha. Ukitafuta neno humo, kompyuta itajibu kwamba halipo, na mtu mwenye haraka ataandika "hakuna kifungu cha ukaguzi". Jaribu kwanza neno unaloliona kwa macho yako kwenye ukurasa. Lisipopatikana hilo, usiuamini utafutaji, soma karatasi kwa karatasi. Na pale mkataba unapokuelekeza kwenye masharti yaliyoko mtandaoni, yapakue siku hiyohiyo na uandike tarehe kwenye jina la faili, kwa maana yanaweza kubadilishwa.

Kila unachokipata kiingie kwenye lahajedwali pamoja na maneno yenyewe ya mkataba, neno kwa neno, na namba ya kifungu na ukurasa. Safu hiyo ya ushahidi huwachosha wanaojaza, na mimi naitetea kuliko safu nyingine zote. Miaka miwili baadaye, mtu atakapouliza kwa nini kalenda inasema 90 na mkataba mkuu unasema 60, jibu litakuwa palepale: nyongeza ya kwanza, ukurasa wa 2. Kadhalika tenganisha "hakuna" na "haijatafutwa". Kisanduku kitupu hakisemi lolote. Andika "mkataba hauna kifungu hiki" pale tu ambapo mtu amesoma karatasi zote na kujiridhisha. Mtu wa pili, ambaye hakujaza, achukue mikataba michache na kuihesabu upya bila kuangalia majibu ya mwenzake. Wakitofautiana, wote wawili warudi kwenye karatasi.

Idadi ya watumiaji ndiyo safu inayoonekana rahisi, na ndiyo inayodanganya zaidi. Kampuni yetu ina 120 na 35, jumla 155. Lakini 155 wa aina gani? Kuna leseni ya mtumiaji aliyetajwa, ambapo kila mtu anayeingia ana nafasi yake, na watu wawili hawaruhusiwi kutumia jina moja la kuingilia hata kama mmoja ni wa zamu ya asubuhi na mwingine wa usiku. Kuna leseni ya watumiaji wa wakati mmoja, ambapo watu 300 wanaweza kusajiliwa mradi wasizidi idadi fulani ndani ya programu kwa dakika ileile. Na kuna leseni isiyojali kabisa nani anatumia. Januari 2023 Oracle ilianzisha usajili mpya wa Java unaohesabu wafanyakazi wote wa taasisi, wa muda wote, wa muda mfupi na wa mkataba, wakiwemo wasiowahi kuifungua Java. Chini ya kipimo hicho, kuajiri madereva 50 kunapandisha ada ya programu. Kwa hiyo safu moja haitoshi. Weka namba, na kando yake kipimo, kwa maneno ya mkataba.

Tafsiri ya neno "mtumiaji" ilifikishwa hadi Mahakama Kuu ya Uingereza katika kesi ya SAP dhidi ya Diageo, kampuni ya vinywaji inayomiliki Guinness na Johnnie Walker. Diageo ilikuwa na leseni za SAP tangu 2004. Baadaye ilijenga mifumo miwili juu ya jukwaa la Salesforce, mmoja wa wateja kuagiza bidhaa wenyewe badala ya kupiga simu, mwingine wa maofisa mauzo wanaotembelea maduka. Hakuna kati yao aliyefungua skrini ya SAP, lakini maagizo yao yalisafiri kwa kompyuta hadi ndani ya SAP. Mkataba ulikuwa umesema mtumiaji ni mtu anayeifikia programu moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja. SAP ilidai zaidi ya pauni milioni 54. Februari 2017 Jaji O'Farrell aliamua kwamba wateja na maofisa mauzo wale walikuwa wanaifikia SAP, na walihitaji leseni. Kiasi cha fedha kiliachwa kiamuliwe baadaye.

Kesi hiyo ni sababu tosha ya kuwa na swali moja kwenye kalenda kando ya idadi ya watumiaji: je, kuna mfumo mwingine unaochota au kupeleka taarifa kwenye programu hii? Kampuni yetu ya Mombasa ikitengeneza tovuti ambayo wateja wanaangalia makasha yao yamefika wapi, na taarifa zinatoka kwenye programu yenye leseni 155, wateja hao wanaweza kuwa ni watumiaji. Jibu limo katika ufafanuzi wa maneno kwenye kurasa za mwanzo za mkataba, na litafutwe kabla tovuti haijafunguliwa.

Upande wa pili wa namba ni waliopo kweli. Orodha ya watumiaji hutoka kwenye programu yenyewe, sehemu ya msimamizi, ikionyesha kila jina na siku alipoingia mara ya mwisho. Tuseme kati ya 155, walioingia ndani ya siku 90 ni 98. Waliobaki 57 wamo waliostaafu, waliohamia idara nyingine na waliopewa nafasi kwa tahadhari tu. Usiwafute kwa pupa, maana wengine hufanya kazi ya msimu, kama ya kufunga hesabu za mwaka, na hawataonekana Septemba. Peleka orodha kwa wakuu wa idara, wathibitishe jina kwa jina. Kama wote 57 si wa lazima, kwa dola 20 kwa mwezi hiyo ni dola 13,680 kwa mwaka kati ya dola 37,200 zinazolipwa. Fedha hizo zinaokolewa kama barua ya kupunguza idadi itapokelewa kabla ya 31 Desemba. Ikipokelewa Januari, zitalipwa mwaka mwingine mzima.

Limebaki la ukaguzi. Wauzaji wakubwa hujiwekea haki ya kuja kuhakikisha kwamba hutumii zaidi ya ulicholipia, na masharti yao hayafanani. Mikataba ya Oracle imekuwa ikitoa notisi ya siku 45, na kutaka ada ya matumizi yaliyozidi ilipwe ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa. Microsoft katika mikataba yake ya taasisi imekuwa ikitoa notisi ya siku 30 na kutumia mkaguzi huru. Matumizi yasiyo na leseni yakifika asilimia 5 au zaidi, mteja hulipia gharama za ukaguzi na kununua leseni zilizopungua kwa asilimia 125 ya bei. Kwa kampuni yenye leseni 155, asilimia 5 ni watu wanane tu. Wanane hao wanaweza kuwa vijana wa mafunzo kazini waliofunguliwa akaunti Julai bila mtu wa manunuzi kujua.

Kwa hiyo kwenye safu ya ukaguzi andika siku za notisi, mara ngapi kwa mwaka, nani anakuja, nani analipa na kwa kiwango gani. Andika pia kumbukumbu zipi mkataba unakutaka uzitunze. Ukaguzi hauna tarehe, hivyo hauwezi kuwekwa kwenye kalenda kama leseni inavyowekwa. Unachoweza kuweka ni hesabu yako mwenyewe ya watumiaji, mara moja kila robo mwaka, kwa leseni zenye adhabu kali. Ukigundua umezidi, nunua nafasi za nyongeza kwa bei ya kawaida kabla barua ya ukaguzi haijafika. Barua ikishafika, usinunue wala kufuta akaunti kabla mwanasheria hajaisoma, kwa sababu muuzaji anaweza kutafsiri mabadiliko hayo kuwa ni kuficha ushahidi.

Na mkataba unapovunjwa, mstari wake usifutwe siku leseni inapoisha. Baadhi ya mikataba humwachia muuzaji haki ya kukagua kwa mwaka mmoja au miwili baada ya hapo, na kumtaka mnunuzi athibitishe kwa maandishi kwamba ameondoa programu kwenye kompyuta zote. Kampuni ya Mombasa ikiamua kuondoka 31 Machi 2026, na mkataba wake ukawa na haki hiyo ya miaka miwili, mstari unabaki wazi hadi 31 Machi 2028, ukiwa na orodha ya kompyuta zilizosafishwa, tarehe ya kila moja, na jina la aliyeifanya kazi hiyo.